Maharage yamelainika, lakini hayajaiva: kisa cha chungu cha umeme Nyakato

Ilikuwa Jumamosi, kama saa tisa na nusu mchana. Mdogo wangu anayeishi Nyakato, hapa Mwanza, alinipigia simu, na kabla sijamaliza kusema haloo nikasikia mtu anatapika nyuma yake.

"Dada, huyo ni Baba Neema," akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Mimi zamu yangu nimeshamaliza."

Nikamuuliza watoto wakoje. Wazima, wanacheza nje. Wamekula nini? Wali na dagaa. Na ninyi? Wali, dagaa na maharage. Watoto maharage waliyakataa, walisema yana ladha ya majani. Maji walikunywa wote kwenye dumu moja, dagaa walikula wote kwenye sahani moja. Chakula walichotofautiana kilikuwa kimoja tu.

Nimefanya kazi ya maabara ya chakula kwa miaka kadhaa, lakini nakiri kwamba wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kipindupindu, kama lingemjia mtu yeyote anayeishi kando ya ziwa hili. La pili lilikuwa dagaa. Maharage niliyafikiria mwisho kabisa, kwa sababu sisi tumekulia maharage. Nani amewahi kusikia maharage yanatapisha?

Ndipo akaniambia alivyoyapika. Mume wake alikuwa ameletewa na rafiki yake kutoka ng'ambo kile chombo cha umeme ambacho wauzaji wanakiita slo kuka: chungu kizito cha kauri kilichokaa ndani ya ganda lenye waya za joto, kina kifuniko cha kioo na kitufe cha kuzungusha chenye alama tatu, LOW, HIGH na WARM. Unaweka chakula asubuhi, unaenda zako kazini, ukirudi kimeiva. Umeme kinatumia kidogo, hakiunguzi, na hakuna mkaa wa kupuliza. Nitakiita chungu cha umeme. Nusu kilo ya maharage mekundu, yale makubwa yanayovuka ziwa kutoka Bukoba, aliyaloweka usiku. Saa kumi na mbili asubuhi akayatia kwenye chungu na maji ya bomba na nusu kijiko cha chai cha magadi, akazungusha kitufe kwenye LOW. Katikati umeme ulikatika kama saa moja na nusu, ukarudi. Saa saba mchana akayabonyeza kwa vidole, yakapondeka. Akayaunga kwa kitunguu na nyanya kwenye kikaango, dakika chache tu, akapakua. Saa nane na nusu tumbo likaanza.

Kila alichofanya kilikuwa cha mtu makini. Aliyachambua, aliyaosha, aliyaloweka, aliyabonyeza kabla ya kupakua. Kosa lilikuwa moja: tangu asubuhi hadi mchana, maharage yale hayakuchemka hata mara moja.

Ndani ya punje ya maharage kuna protini ambayo mmea unaitumia kujikinga na wanaoula. Wataalamu wanaiita fitohemaglutinini. Jina hilo limetokana na tabia yake ya kugandamanisha chembe nyekundu za damu: ukiichanganya na damu kwenye bomba la kioo, chembe zinashikana na kuwa mabonge. Iko katika kundi la protini linaloitwa lektini, na hapa nitaiita lektini, inatosha. Kazi yake ni kushika. Ina sehemu zinazonasa sukari maalumu zilizoko juu ya ngozi ya chembehai, kama kifungo kinavyoingia kwenye tundu lake. Utumbo wetu umepangwa chembehai zenye sukari hizo. Protini nyingine tunazokula, za samaki au za maziwa, zinakatwakatwa tumboni kabla hazijafika mbali. Lektini ya maharage ni sugu, sehemu kubwa inapita tumboni ikiwa nzima, inafika kwenye utumbo mwembamba na kunasa pale, inaharibu vile vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula. Mwili unajibu kwa njia unayoijua: unatoa kila kitu, kwanza kwa juu, halafu kwa chini.

Kwa hiyo hii si sumu iliyoingia kutoka nje. Si vijidudu, si dawa ya kuhifadhia nafaka, si kuvu. Maharage masafi kabisa, yaliyotoka shambani wiki iliyopita, yanayo. Yaliyochambuliwa punje kwa punje yanayo. Huwezi kuiosha, na harufu haina. Ile "ladha ya majani" waliyoisema watoto wa Nyakato ni ladha ya maharage mabichi, na si ladha ya lektini yenyewe. Lakini siku ile iliwaokoa.

Maabara huipima kwa kutumia tabia yake hiyo ya kugandamanisha damu. Maharage mekundu makubwa yakiwa mabichi hupimwa kati ya vizio 20,000 na 70,000. Yakishaiva sawasawa hubaki na vizio 200 hadi 400. Yaani mapishi mazuri hayaifuti hadi sifuri, yanaishusha mpaka utumbo hauijali. Na punje nne au tano tu zilizo mbichi zinatosha kumfanya mtu mzima atapike. Mdogo wangu alikula vijiko viwili vya upawa.

Sasa tuje kwenye moto, maana hapo ndipo watu wengi wanapotea, na mimi nisingewalaumu.

Protini imekunjwa kama kitambaa kilichokunjwa kwa namna moja maalumu, na ni mkunjo huo unaoipa uwezo wa kushika. Joto linaukunjua. Ute wa yai ukiingia kwenye kikaango unaona kwa macho: ulikuwa maji ya kung'aa, sasa ni mweupe na umekaza, na hata ukipoa haurudi ulivyokuwa. Lektini nayo hukunjuka vivyo hivyo, ila ni ngumu kuliko ute wa yai. Imeundwa kwa vipande vinne vilivyoshikamana, na vipande hivyo vinastahimili joto ambalo lingekuwa limeshaivisha yai zamani. Kwenye maji yanayotokota, punje zilizolowekwa vizuri hupoteza karibu lektini yote kwa dakika kama kumi. Kwenye nyuzi 65 za selisiasi unaweza kuyaacha saa nyingi, na lektini ikabaki karibu kama ilivyokuwa. Hapa muda haufidii joto. Tumezoea kufikiri kwamba moto mdogo kwa muda mrefu ni sawa na moto mkali kwa muda mfupi, kwa nyama ya shingo ni kweli, kwa lektini si kweli.

Kuna jambo lingine la ajabu zaidi. Maharage yaliyopashwa moto hadi kama nyuzi 80 bila kufika mchemko yamewahi kupimwa yakawa na ukali wa hadi mara tano kuliko mabichi. Mtu akisikia hivyo anadhani umekosea hesabu. Maelezo yanayotolewa ni kwamba joto la kiasi hicho linalegeza kuta za chembehai za punje na kuachia lektini iliyokuwa imefungiwa ndani, lakini bado halina nguvu ya kuikunjua. Umefungua mlango wa zizi, simba hujamuua.

Na kulainika? Kulainika ni habari nyingine kabisa. Punje inakuwa ngumu kwa sababu kuta za chembehai zake zimegundishwa na pektini, ile gundi ya mimea inayoganda kwenye jamu ya matunda. Pektini ikiyeyuka punje inalainika. Pektini huyeyuka polepole hata kwenye joto lisilofika mchemko, na ukitia magadi inayeyuka haraka zaidi. Kwa hiyo unaweza kupata punje iliyolainika huku lektini yake ikiwa nzima, na unaweza kupata kinyume chake: maharage ya zamani yaliyokaa stoo yenye joto miaka miwili, ambayo yanachemka saa tatu na bado yanagonga meno, wakati lektini ilikwisha tangu nusu saa ya kwanza. Kidole kinapima pektini. Mdogo wangu alipoyabonyeza, kidole chake kilimpa jibu sahihi la swali lingine.

Sikuridhika na kukisia, kwa hiyo wiki iliyofuata nilikwenda Nyakato na kipimajoto changu cha jikoni, kile cha sindano ndefu. Tulirudia vilevile: nusu kilo ya maharage kutoka gunia lile lile, yaliyolowekwa usiku, maji ya bomba, kitufe kwenye LOW, saa kumi na mbili asubuhi. Safari hii umeme haukukatika. Sindano niliichomeka katikati ya maharage, si kwenye maji ya juu. Baada ya saa moja ilisoma nyuzi 38. Baada ya saa tatu, 61. Baada ya saa tano, 70. Saa saba mchana, wakati ule ule aliopakua, ilisoma 74. Kifuniko kilikuwa na jasho, mvuke unatoka pembeni, na ukiweka mkono unaondoa haraka. Mtu yeyote angesema chakula kimechemka. Lakini hapakuwa na povu hata moja linalopanda kutoka chini. Na mara ya kwanza, ukitoa ile saa moja na nusu ya kukatika umeme, hakikufika hata hapo.

Hili si kosa la chungu kile kimoja. Uchunguzi wa vyungu vya aina hii uliwahi kuonyesha kwamba katikati ya chakula joto mara nyingi halikuzidi nyuzi 75. Vimetengenezwa hivyo ili nyama ilainike bila kukauka. Kwenye HIGH chungu cha mdogo wangu kilifika 91 baada ya saa nne, na vingine hufika mchemko kabisa. Mimi sitaki kumshauri mtu ategemee HIGH, kwa sababu hakuna vyungu viwili vinavyofanana, na hicho hicho kimoja kinabadilika kulingana na wingi wa chakula na nguvu ya umeme wa siku hiyo.

Maharage yale ya jaribio tuliyafukia. Jirani aliyaomba kwa ajili ya kuku wake, nikamkatalia. Lektini haichagui utumbo wa mtu na wa kuku.

Basi kuchemsha kwanza maana yake nini hasa? Waingereza, ambao walipata visa vingi vya namna hii kuanzia miaka ya 1970 watu walipoanza kupenda maharage mekundu kwenye saladi na kwenye vyungu vya umeme, wanashauri kuloweka, kumwaga maji, kisha kuchemsha kwa nguvu kwenye maji mapya kwa dakika zisizopungua kumi. Moja ya visa vyao vya mwanzo, cha mwaka 1976, kilikuwa cha wavulana wa shule waliokuwa safarini: waliloweka maharage usiku kucha na kuyala bila kupika kabisa. Wamarekani, kupitia mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, wanashauri dakika thelathini ili pasiwe na shaka kwamba joto limefika ndani ya kila punje.

Kwa mtu wa Mwanza nachukua upande wa thelathini, na nina sababu ya hapa hapa. Uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi na maji yanatokota mapema. Dar es Salaam maji hutokota kwenye nyuzi 100, hapa kwetu hutokota kwenye kama nyuzi 96. Ukiongeza kuni hayapandi, yanatokota tu kwa kelele zaidi. Nyuzi 96 zinatosha kuimaliza lektini, wala usiogope, lakini zinaifanya kazi taratibu kidogo, na zile dakika kumi za Waingereza zimehesabiwa kwa maji ya moto zaidi. Anayeishi kwenye miinuko ya Mbeya au Njombe ana sababu kubwa zaidi ya kutofanya haraka.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Nusu kilo ya maharage nayaloweka usiku kwenye maji ya lita moja na nusu au mbili, maana yatavimba karibu mara mbili. Asubuhi maji yale nayamwaga, kwa sababu sehemu ya lektini imeshatoka humo, na pia zile sukari zinazojaza tumbo gesi. Natia maji mapya yanayoyafunika kwa vidole vitatu. Sufuria inakaa kwenye moto mkali. Saa siianzi kuhesabu sufuria ilipowekwa motoni, wala pale vipovu vinapoanza kupanda pembeni. Naianza pale uso wote wa maji unapotokota na punje zenyewe zinapanda na kushuka. Kutoka hapo dakika thelathini bila kupunguza moto, na maji yakipungua naongeza ya moto, si ya baridi. Baada ya hapo unaweza kuyahamishia popote: jiko la mkaa lililopungua, chungu cha umeme, hata LOW. Kazi ya usalama imekwisha, iliyobaki ni kulainika na ladha.

Kuloweka kuna umuhimu wake hapa, zaidi ya kuokoa mkaa. Punje kavu haipitishi maji haraka. Kiini chake kinaweza kubaki kikavu wakati nje kumeshaiva, na protini iliyo kavu inastahimili joto kuliko iliyolowa. Ukiyapika bila kuloweka, nusu saa niliyoitaja haihesabiki. Itakubidi uyachemshe mpaka yaive kabisa, kama walivyofanya mama zetu.

Na hilo ndilo jibu la swali la mdogo wangu, alilouliza kwa hasira kidogo: mbona bibi yetu kule Magu hakuwahi kutapisha mtu? Bibi alipika maharage na makande kwa kuni, saa moja na nusu, saa mbili, sufuria inatokota mpaka kifuniko kinacheza. Lektini ilikuwa inakufa mwanzoni kabisa mwa mapishi, bila mtu kujua kwamba ipo. Hata yale makande aliyoyaacha usiku juu ya makaa yaliyofunikwa majivu, ambayo ukiyatazama ni kama slo kuka ya zamani, alikuwa ameyachemsha jioni kwanza. Nakumbuka alivyokuwa anasema: "Yachemke kwanza, ndipo uyalaze." Hakujua neno lektini, na hakulihitaji. Tulipobadilisha chombo tuliichukua ile sehemu ya kulaza, tukaiacha ya kuchemsha.

Ndiyo maana wasiwasi wangu si kwa mama lishe wa Kirumba mwenye sufuria kubwa inayotokota tangu alfajiri. Ni kwa vifaa vya kubana matumizi, ambavyo vimeongezeka kwa sababu mkaa umepanda bei. Kuna kikapu cha kupikia, kile kilichojazwa matambara au sponji, unachemsha chakula kidogo kisha unakifungia kiive kwa joto lake. Ni kifaa kizuri na ninacho. Lakini sufuria ndani ya kikapu haipati joto jipya, kila saa inashuka. Ukiyachemsha maharage dakika tano ukayafungia, yatakaa saa nyingi kwenye joto la hatari lile lile la chungu cha Nyakato, yakishuka polepole. Dakika thelathini kwanza, ndipo kikapu.

Kuna pia majiko ya umeme ya presha, ambayo siku hizi yanauzwa sana. Haya, yakitumiwa kwa presha, ndiyo salama kuliko vyote. Mvuke ukifungiwa, joto ndani linapita nyuzi 110, na habari ya mwinuko wa ziwa haina nafasi tena. Tatizo ni kwamba mengi yana vitufe vingi kwenye kioo chake, na kimojawapo kimeandikwa `Slow Cook`. Ukibonyeza hicho, presha hakuna, kifaa kinageuka kuwa chungu cha moto mdogo kama kile kingine. Sufuria ni ile ile, kifuniko ni kile kile, maharage ni yale yale, na matokeo ni tofauti kabisa. Kwa maharage tafuta kitufe cha presha, mara nyingi kimeandikwa `Beans` au `Pressure Cook`, na usikiache mpaka uone kimejaza presha kweli.

Magadi niliyagusia juu juu, nirudi kidogo. Sina ugomvi nayo kwenye maharage yanayochemka, yanaokoa mkaa. Kwenye moto mdogo ndipo yanapogeuka kuwa mnafiki, kwa sababu yanakuletea ulaini mapema wakati ulaini ndio alama uliyokuwa unaitegemea. Bila magadi, maharage ya mdogo wangu yangekuwa magumu saa saba, naye angeyarudisha jikoni.

Sehemu nyingine ambako lektini inajificha ni unga. Mwaka 2006 nchini Japani kipindi kimoja cha televisheni kilifundisha watu kupunguza unene kwa kukaanga maharage meupe kwenye kikaango kikavu kwa dakika kama tatu, kuyasaga na kunyunyizia unga wake kwenye wali. Watu wengi walijaribu, na wengi wakaishia kutapika na kuharisha, baadhi wakalazwa. Moto mkavu unabadilisha harufu na rangi ya ganda, lakini ndani ya punje hakuna maji ya kusaidia kuikunjua lektini. Nalitaja hili kwa sababu ya uji wa lishe. Wapo wanaochanganya maharage kwenye unga wa mtoto, wanayakaanga kidogo na kuyapeleka mashine pamoja na mahindi na karanga, kisha uji unatokota dakika chache tu kwa kuogopa kuungua. Ukitaka maharage humo, yaloweke, yachemshe nusu saa, yaanike juani mpaka yakauke kabisa, ndipo uyasage.

Si kila jamii ya kunde iko hivi. Maharage mekundu makubwa ndiyo yenye lektini nyingi zaidi. Meupe yana kama theluthi yake. Ya njano na yale ya madoadoa ni ndugu wa mmea ule ule, na mimi nayachemsha yote kwa sheria moja badala ya kukumbuka lipi lina ngapi. Maharage mabichi ya kumenya, yale yanayouzwa kwa visado msimu ukifika, nayo hayajasamehewa. Hayahitaji kulowekwa, lakini kuchemka ni lazima. Ya kopo yalishapikwa kwa presha kiwandani. Kunde, choroko, dengu na mbaazi hazina balaa hili kwa kiasi cha kukutapisha.

Turudi kwa Baba Neema kwenye ndoo yake. Dalili za lektini huanza kati ya saa moja na tatu baada ya kula: kichefuchefu, kutapika kwa nguvu sana, kisha kuharisha, wengine na tumbo kukata. Hakuna dawa ya kuiondoa. Kwa kawaida inaisha yenyewe ndani ya saa tatu au nne tangu ianze, na watu hushangaa jinsi mgonjwa anavyosimama haraka. Kinachomaliza mtu ni maji yaliyomtoka, kwa hiyo maji ya chumvi na sukari ya pakiti, ORS, kwa vijiko vidogo vidogo, hata kama baadhi yanarudi. Mtoto mdogo, mjamzito, mzee, au mtu yeyote ambaye hawezi kubakisha hata kijiko, apelekwe kituo cha afya bila kungoja hizo saa nne. Vilevile kama kuna homa, damu kwenye choo, au kuharisha maji maji kusikokoma. Hapo usiseme "ni maharage tu". Kando ya ziwa hili kuna kuharisha kunakoua kwa siku moja, na kwa dalili peke yake huwezi kuvitofautisha. Mimi nilichokuwa nacho kwenye simu ilikuwa ni habari ya nani alikula nini, saa ngapi, na kilipikwaje, nayo ndiyo ya kumpa daktari.

Saa moja jioni Baba Neema alikuwa anakunywa chai ya rangi. Chungu alitaka kukigawa.

Wiki ile ya kipimajoto, baada ya kuyafukia maharage ya jaribio, tulipika mengine kesho yake Jumapili. Nusu kilo, yaliyolowekwa, maji yakamwagwa, nusu saa yakitokota kwenye jiko la mkaa barazani huku Neema akihesabu dakika kwenye simu ya mama yake. Tukayamimina yakiwa ya moto pamoja na maji yake kwenye chungu cha umeme kilichokuwa kimeshawashwa, LOW, bila magadi. Nilipochomeka sindano ilisoma 83, na baada ya saa nne ilikuwa imeshuka hadi 77. Ni joto lile lile la balaa, lakini sasa halikuwa na cha kuachia. Nyanya na kitunguu tuliviunga mwishoni, kwa sababu uchachu wa nyanya unaikaza pektini na maharage yanagoma kulainika.

Tulikula saa nane mchana. Watoto waliyaonja kwa ncha ya kijiko kwanza, wakatazamana, kisha wakaongeza. Shemeji alichukua vijiko vitatu, akaangalia saa ya ukutani, akasema atakula mengine saa kumi na moja.